Jakpoti Imelala Tena: Piga Hesabu Kabla ya Kununua Tiketi

Mavuno ya mpunga yakishaisha hapa Idete, pesa huonekana. Mashine za kukoboa zinanguruma mchana kutwa, bodaboda wanapeleka magunia Ifakara, na mbele ya kibanda cha wakala wa miamala foleni inakuwa ndefu. Msimu uliopita nilisimama kwenye foleni kama hiyo nyuma ya kijana wa jirani yangu. Alipofika dirishani alitoa noti ya elfu kumi, akaomba aingiziwe yote kwenye simu. Aliponiona akaniamkia, kisha akaniambia kwa furaha, "Shikamoo mzee. Jakpoti imelala wiki nyingi, sasa imefika pabaya. Wiki hii lazima itoke, na mimi sikubali inipite."

Sikumjibu pale pale, maana nyuma yetu watu walikuwa wanasukumana. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani kwa sababu yalikuwa nusu kweli. Jakpoti iliyolala muda mrefu kweli inakaribia kutoka. Ila ukaribu huo si wa kijana yule, na wala si wako. Nitakueleza tofauti yake ili nawe siku tangazo likikufikia kwenye simu uweze kupiga hesabu mwenyewe kwa kalamu na daftari.

Anza na nafasi yako. Michezo mingi ya namba duniani imekuwa ikimtaka mchezaji achague namba 6 kati ya 49. Njia za kuchagua namba hizo sita ni 13,983,816, na moja tu ndiyo inayobeba jakpoti. Namba hiyo haishikiki akilini, kwa hiyo ihamishie kwenye mpunga. Punje elfu moja za mpunga huwa na uzito wa gramu 25 hadi 30. Ukifuata kipimo hicho, punje milioni kumi na nne ni kama kilo 380, yaani karibu magunia manne ya kilo mia mia. Yamwage yote kwenye turubai, chukua punje moja uipake rangi nyekundu, itupie katikati ya lundo, koroga kwa koleo mpaka uchoke. Sasa fumba macho, ingiza mkono, toa punje moja. Hiyo ndiyo tiketi moja.

Jakpoti za mpira, zile za kubashiri mechi 13 kwamba nyumbani, ugenini au sare, lundo lake ni dogo zaidi. Kila mechi ina matokeo matatu, na tatu ikizidishwa kwa tatu mara kumi na tatu unapata 1,594,323. Kwa mpunga huo ni kama kilo 43, pungufu kidogo ya nusu gunia. Unaweza kuubeba begani, lakini bado unatafuta punje moja.

Sasa tuje kwenye kulala kwa jakpoti. Droo ikichezwa na asipatikane mshindi, fedha za zawadi kubwa hazirudi kwa waliozitoa. Zinahamishiwa droo inayofuata, na zinaongezewa fungu la mauzo mapya. Watu huona lundo la fedha linakua wakadhani na nafasi yao inakua. Rudi kwenye turubai uone. Kila wiki punje nyekundu inarudishwa, lundo linakorogwa upya, na wewe unaingiza mkono ule ule. Punje haijui kwamba wiki tisa zilizopita haikushikwa. Kilichobadilika ni idadi ya mikono inayoingia kwenye lundo. Wiki ya kwanza waliingiza watu wachache, wiki ya kumi wameitana kutoka Ifakara, Mngeta mpaka Mlimba. Mikono ikiwa mingi, uwezekano wa punje kushikwa na mtu fulani unapanda sana. Uwezekano wa kushikwa na mkono wako umebaki pale pale. Kijana wa foleni alisikia habari ya umati akaichukua kama habari yake mwenyewe.

Hapo mtu makini atanipinga, na ana haki. Atasema: sawa, nafasi yangu haijaongezeka, lakini zawadi imeongezeka. Nafasi ile ile kwa zawadi kubwa zaidi ni tiketi bora zaidi. Hoja hii ni nzuri na inastahili kujibiwa kwa hesabu, kwa hiyo tuchukue mchezo mdogo wa kubuni, wa ukubwa wa kata yetu, tuufuatilie wiki kwa wiki.

Tuseme Idete kuna bahati nasibu ambayo kila mtu anachagua namba moja ya tarakimu tatu, kuanzia 000 hadi 999. Namba ziko elfu moja. Tiketi ni shilingi 1,000. Mwendeshaji anachukua nusu ya mauzo kwa gharama, kodi zake na faida yake, na nusu nyingine inaingia kwenye jakpoti. Namba moja inatolewa kila Jumamosi. Walioichagua wanagawana jakpoti. Kama hakuna aliyeichagua, fedha zinalala.

Wiki ya kwanza zinauzwa tiketi 400. Jakpoti ni shilingi 200,000. Kwa kuwa baadhi ya watu wanagongana kwenye namba zile zile, nafasi ya namba itakayotoka kuwa na mwenyewe ni kama asilimia 33. Thamani ya tiketi tuipime hivi: kama droo ya namna hii ingerudiwa mara nyingi sana, kila tiketi ingerudisha wastani wa shilingi ngapi? Hapa zawadi inatoka mara moja tu kati ya tatu, ikigawanywa kwa tiketi 400 zilizouzwa. Unapata kama shilingi 165. Umelipa elfu moja kununua kitu cha shilingi 165.

Tuseme wiki ya kwanza, ya pili na ya tatu zote hakuna mshindi, na kila mara zimeuzwa tiketi 400. Shilingi 600,000 zimelala. Wiki ya nne habari zinaenea na tiketi zinauzwa 1,500. Fungu jipya ni shilingi 750,000, kwa hiyo jakpoti ni 1,350,000. Nafasi ya kupatikana mshindi sasa ni karibu asilimia 78. Piga hesabu ile ile: tiketi moja ina thamani ya kama shilingi 700. Imepanda kweli, na aliyenipinga anaanza kutabasamu.

Wiki ya nne nayo inapita bila mshindi. Sasa 1,350,000 zimelala, gari la matangazo linapita barabarani, na tiketi zinauzwa 5,000. Fungu jipya ni 2,500,000. Jakpoti inatangazwa: shilingi 3,850,000! Ni karibu mara tatu ya wiki iliyotangulia. Je, tiketi nayo imepanda mara tatu? Angalia. Tiketi 5,000 zimesambaa kwenye namba elfu moja, maana yake kila namba ina watu kama watano. Namba yako ikitoka, huondoki na 3,850,000. Unagawana na wenzako na kupata kama 770,000. Nafasi yako ni moja kati ya elfu. Kwa hiyo tiketi ina thamani ya kama shilingi 770. Jakpoti imekaribia kuongezeka mara tatu, tiketi imeongezeka shilingi sabini, na bado haijafika elfu moja uliyolipa.

Ngoja tusogee hatua moja zaidi, kwa sababu hapa ndipo siri yenyewe ilipo. Tuseme wiki ile ya tano umati ungekuwa mkubwa zaidi, tiketi 10,000 badala ya 5,000. Jakpoti ingetangazwa kuwa 6,350,000, kubwa kuliko zote. Lakini kila namba ingekuwa na watu kumi, na mshindi angepata kama 635,000. Tiketi ingeshuka mpaka shilingi 635. Jakpoti imepanda, thamani imeshuka.

Sababu ni hii. Ndani ya jakpoti kuna fedha za aina mbili. Kuna zilizolala, ambazo ni jasho la waliopoteza wiki zilizopita; hizo kwako ni nyongeza ya kweli. Halafu kuna fedha za wiki hii, ambazo zimetoka kwako na kwa wenzako, na zimekwisha kukatwa nusu mlangoni. Kila tiketi mpya inaleta shilingi 500 kwenye lundo, lakini inakuja na mdomo mmoja zaidi wa kulila. Zilizolala haziongezeki kwa umati. Zinagawanywa kwa umati. Watu wakiwa 5,000, zile 1,350,000 ni shilingi 270 kwa kila tiketi. Wakiwa 10,000 ni shilingi 135. Wakiwa wengi kupita kiasi, nyongeza inayeyuka, na tiketi inarudi kwenye shilingi 500 ambazo mwendeshaji alibakiza baada ya kukata fungu lake.

Hesabu hii iandike kwenye jalada la daftari lako: chukua fedha zilizolala, gawanya kwa idadi ya tiketi zitakazouzwa, kisha ongeza fungu la bei linalorudi kwa wachezaji. Jibu likizidi bei, tiketi ni nzuri. Lisipozidi, ni hasara kwa wastani. Droo ikiwa na wanunuzi wachache kulinganisha na lundo la namba, kama ile ya wiki ya kwanza, punguza tena jibu hilo, kwa sababu mara nyingi zawadi haitoki kabisa. Na bado hujakatwa kodi ya zawadi. Ukikatwa, tuseme asilimia kumi, shilingi 770 zetu zinakuwa kama 690.

Mambo haya yameonekana kwa mizani kubwa kabisa. Januari 13, 2016, mchezo wa Powerball wa Marekani ulifikisha jakpoti ya dola bilioni 1.586. Tiketi iliuzwa dola 2, na nafasi ya kushinda ilikuwa moja kati ya 292,201,338. Kwa mpunga wetu hilo ni lundo la tani karibu nane, mzigo wa Fuso zima, na punje moja nyekundu ndani yake. Kwa droo hiyo moja ziliuzwa tiketi kama milioni 635, na washindi wakawa watatu. Halafu ile bilioni 1.586 ilikuwa ni malipo ya kidogo kidogo kwa miaka mingi. Aliyetaka fedha mkononi, fungu lote la kugawanywa lilikuwa dola milioni 983.5. Ukitumia hesabu yetu, pamoja na kupunguza kwa uwezekano wa zawadi kutotoka, jakpoti kubwa kuliko zote hadi siku hiyo ilikuwa na thamani ya kama dola 1.37 kwa tiketi kabla ya kodi. Zawadi ndogo ndogo zinaongeza senti kadhaa, na bado hufiki dola 2.

Lundo hilo kubwa halikujitokeza lenyewe. Oktoba 2015, miezi mitatu kabla, waendeshaji walibadili mpangilio wa namba ili nafasi ya jakpoti ishuke kutoka moja kati ya 175,223,510 hadi ile ya milioni 292. Ukiongeza mpunga kwenye turubai, punje nyekundu inakosa mshikaji kwa wiki nyingi zaidi, fedha zinalala zaidi, na tangazo linakuwa na tarakimu ndefu zaidi. Wanunuzi wanakimbilia urefu wa tarakimu. Kwa hiyo ukisikia mchezo umebadilisha kanuni, idadi ya namba au idadi ya mechi, kaa upige hesabu ya nafasi upya. Kutoka mechi 13 kwenda 17 kunasikika kama nyongeza ndogo tu ya mechi nne. Lakini lundo linatoka punje milioni 1.6 kwenda 129,140,163, mara 81 zaidi.

Kugawana nako si jambo la nchi za mbali. Mwaka 2019 hapa Tanzania jakpoti ya SportPesa ya zaidi ya shilingi milioni 825 iliangukia watu wawili, kila mmoja akachukua kama milioni 412. Fedha nyingi, na nawapongeza. Lakini tangazo lililowavuta wanunuzi lilisema milioni 825.

Kwenye mpira kugawana kuna ukali wake. Kijana anayefuatilia ligi atasema yeye habahatishi, anajua. Ni kweli, mechi si punje. Timu kubwa ikicheza nyumbani haina nafasi sawa na mgeni wake. Tuseme katika kila mechi timu inayopewa nafasi inashinda nusu ya wakati. Mkeka wa timu zinazopewa nafasi zote 13 una nafasi ya moja kati ya 8,192, bora mno kuliko moja kati ya milioni moja na nusu. Tatizo ni kwamba ujuzi huo uko kwenye kila kijiwe. Wiki ambayo wakubwa wote wameshinda, mkeka wako umepatia pamoja na mikeka ya maelfu ya watu waliosikiliza redio ile ile, na jakpoti inasambaa kama uji. Wiki ambayo ungekuwa peke yako ni ile iliyojaa matokeo ambayo hakuna aliyeyategemea, pamoja na wewe.

Hata kwenye namba tupu watu hugongana kuliko wanavyodhani. Uingereza, Januari 14, 1995, katika mchezo wa namba 6 kati ya 49, jakpoti ya zaidi ya pauni milioni 16 ilipata washindi 133. Kwa tiketi zilizouzwa wangetegemewa kama watano. Namba zilizotoka zilikuwa katikati ya karatasi ya kujazia, mahali ambapo mkono wa mtu hupenda kuweka alama. Kila mmoja aliondoka na pauni 122,510. Kwa hiyo kama umeamua kucheza, jiepushe na tarehe za kuzaliwa, ambazo hazivuki 31, na mistari mizuri ya kwenye karatasi. Nafasi yako ya kushinda haitaongezeka hata chembe, ila ukishinda utagawana na wachache. Hiyo ndiyo mbinu pekee ya kuchagua namba ninayoijua yenye maana. Anayekuuzia namba za ndoto au za mganga anakuuzia punje kutoka lundo lile lile.

Utaniuliza, haijawahi kutokea tiketi ikazidi bei yake? Imetokea. Mwaka 1992 kundi la wawekezaji kutoka Australia liliuendea mchezo wa jimbo la Virginia, Marekani. Namba zilikuwa 6 kati ya 44, njia 7,059,052, tiketi dola moja, na jakpoti ilikuwa imelala mpaka ikafika dola milioni 27. Mpango wao ulikuwa kununua njia zote. Muda uliwaishia wakiwa na tiketi kama milioni tano, na ile yenye ushindi ikawamo miongoni mwake. Lakini tazama walichohitaji: mamilioni ya dola taslimu, watu wa kununua tiketi katika maduka mengi kwa siku chache, na bahati kwamba hakutokea mshindi mwingine wa kugawana naye. Mtu mwenye tiketi moja katika droo hiyo hiyo alikuwa na tiketi nzuri kwa karatasi, na bado nafasi yake ya kukosa jakpoti ilikuwa ile ile, mara 7,059,051 kati ya 7,059,052.

Hapa kwetu michezo hii inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa Sheria ya mwaka 2003, na mwendeshaji anapaswa kuwa na leseni. Kanuni za mchezo soma kabla ya kulipa. Tafuta humo mambo manne: njia ziko ngapi, fungu gani la mauzo linarudi kwa wachezaji, jakpoti inagawanywaje wakipatikana wengi, na kodi inakatwa kiasi gani. Ukiletewa ujumbe kwamba umeshinda mchezo ambao hukununua tiketi yake, ukaombwa utume "ada ya kutolea", huo ni wizi, wala hauhitaji hesabu.

Yule kijana nilimwonyesha haya yote kwa kumwaga sado ya mpunga barazani kwangu. Aliuangalia muda mrefu, akauliza zile sado nyingine za kufikia magunia manne ziko wapi.

Nawe ukifika dirishani siku jakpoti imetangazwa kubwa, usianze na fedha zilizotangazwa. Muulize wakala zimelala shilingi ngapi, na wiki hii zinatarajiwa kuuzwa tiketi ngapi. Asipokuwa na jibu, huna hesabu ya kupiga, na elfu moja yako irudishe mfukoni.